Jiwe, Mvua na Hewa: Jinsi Miamba Inavyorekebisha Joto la Dunia

Mahali ambapo barabara imekata ubavu wa kilima katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mwanafunzi hupata nafasi ya kuona yale ambayo kwa kawaida yamefichika ardhini. Juu pana udongo mwekundu. Chini yake huonekana jiwe lililooza: lingali na mistari ya mwamba wa asili, lakini huvunjika likifinywa kwa vidole. Chini zaidi ndipo ulipo mwamba mgumu. Mabadiliko hayo kutoka mwamba hadi udongo huitwa kuchakaa kwa miamba. Huenda polepole mno, lakini kwa muda wa mamilioni ya miaka ndiyo yaliyozuia dunia isipate joto la kupita kiasi wala baridi ya kupita kiasi.

Kazi hiyo huanza na mvua. Tone la mvua linapoanguka huyeyusha kiasi kidogo cha kaboni daioksaidi iliyomo hewani. Likiingia ardhini, kwa mfano katika shamba la migomba huko Bugomora, wilayani Kyerwa, hukutana na gesi hiyo kwa wingi zaidi, kwa kuwa mizizi na vijidudu vya udongoni hupumua na kuitoa. Maji na kaboni daioksaidi hufanya asidi ya kaboni. Asidi hii ni dhaifu, lakini haikomi kufanya kazi, mchana na usiku.

Miamba mingi ya dunia imejengwa kwa silikati, yaani madini yenye silikoni na oksijeni pamoja na metali. Mfano mmoja ni feldspa yenye kalsiamu. Asidi ya kaboni inapoishambulia, hutokea hivi:

CaAl₂Si₂O₈ + 2CO₂ + 3H₂O → Al₂Si₂O₅(OH)₄ + Ca²⁺ + 2HCO₃⁻

Feldspa imegeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, ambao hubaki kilimani. Kalsiamu na bikaboneti huyeyuka na kwenda na maji. Basi gesi iliyokuwa hewani sasa imo ndani ya maji, wala haionekani kwa macho.

Maji ya vilima vya Kyerwa huishia katika Mto Kagera, ambao ni mpaka wa wilaya hiyo na Rwanda. Kagera huingia Ziwa Viktoria, na kutoka huko maji hufuata Mto Naili hadi Bahari ya Mediterania. Baharini wamo viumbe kama kombe na matumbawe, ambavyo huchukua kalsiamu na bikaboneti ili kujenga magamba na mifupa yao:

Ca²⁺ + 2HCO₃⁻ → CaCO₃ + CO₂ + H₂O

Hapa yafaa kuangalia hesabu kwa makini. Gramu 278 za feldspa zilichukua gramu 88 za kaboni daioksaidi. Lakini gamba linapojengwa, gramu 44 huachiliwa tena, na hizo huweza kurudi hewani. Kinachobaki kimefungwa ndani ya jiwe la chokaa ni gramu 44, yaani nusu tu. Mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za kale za Zanzibar ni ghala ya gesi ya namna hiyo.

Kwa sababu hiyo, jiwe la chokaa lenyewe likichakaa halipunguzi gesi kwa muda mrefu. Huchukua molekuli moja ya kaboni daioksaidi linapoyeyuka, na kuirudisha ileile linapojengwa upya baharini. Kwa kazi hii, silikati ndizo zenye faida.

Kama gesi ingekuwa inaondolewa tu, dunia ingalikwisha kuganda zamani. Gesi hurudi hewani kwa njia inayofanana na tanuri la chokaa. Mchoma chokaa akichoma kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi, hupata kilo 56 za chokaa, na kilo 44 za kaboni daioksaidi hupaa pamoja na moshi. Vivyo hivyo, mawe ya chokaa yanayozama pamoja na sakafu ya bahari hupashwa joto ndani ya dunia, na gesi yake hutokea kwenye volkano.

Mizani kati ya kutoa na kuchukua inafanana na mtungi wenye tundu chini, ambao humiminiwa maji bila kukoma. Maji yakizidi kumiminwa, kimo hupanda. Lakini kimo kikipanda, maji hutoka kwa nguvu zaidi kwenye tundu, mpaka yanayotoka yalingane na yanayoingia. Mwaka 1981 Walker, Hays na Kasting walieleza kwamba dunia hufanya vivyo hivyo. Volkano zikiongeza gesi, joto hupanda. Mvua huongezeka na asidi hushambulia miamba upesi zaidi. Gesi hupungua na joto hushuka. Dunia ikipoa, miamba huchakaa polepole, na gesi ya volkano hupata nafasi ya kujikusanya tena.

Hata hivyo, si kila kilima kinafanya kazi sawasawa. Miamba ya Karagwe ni ya kale sana. Sehemu kubwa ni mchanga na tope la zamani lililogeuzwa kuwa jiwe gumu, pamoja na matale. Kwatsi, iliyomo kwa wingi, haishambuliwi kwa urahisi na asidi dhaifu. Feldspa ya matale nayo aghalabu ina potasiamu au sodiamu, metali ambazo hazijengi mawe ya chokaa. Zaidi ya hayo, udongo mnene uliokwisha kuoshwa hufunika mwamba kama blanketi, na maji hupita bila kukuta madini mapya ya kushambulia. Mahali kama hapo joto likiongezeka, uchakaaji huongezeka kidogo tu, kwa kuwa kinachopungua si joto bali ni jiwe jipya.

Hali ni nyingine katika milima ya volkano ya Virunga. Lava yake ni changa na ina kalsiamu na magnesiamu nyingi. Baadhi ya maji ya milima hiyo huingia mto Mukungwa, kisha Nyabarongo, na hatimaye Kagera. Kwa hiyo mto unaopita mpakani mwa Kyerwa umebeba kazi ya miamba ya namna mbili, ya kizee na ya kijana.

Je, miamba itaondoa gesi inayotolewa na viwanda na magari? Itaiondoa, lakini si kwa haraka ya kumfaa binadamu. Volkano zote hutoa chini ya tani bilioni 1 za kaboni daioksaidi kwa mwaka, na uchakaaji wa silikati umezoea kulingana na kiasi hicho. Shughuli za binadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 35. Miaka milioni 56 iliyopita gesi nyingi iliingia hewani, na dunia ikapata joto kali. Joto hilo lilishuka, lakini ilichukua zaidi ya miaka 100,000.

Zoezi
1. Dondoshea siki kwenye kipande cha tumbawe na kwenye kipande cha itale. Kipi kinatoa mapovu? Eleza sababu.
2. Ikiwa kilo 139 za feldspa yenye kalsiamu zimechakaa zote, ni kilo ngapi za kaboni daioksaidi zitakazobaki zimefungwa katika mawe ya chokaa?
3. Eleza kwa nini kilima chenye udongo mnene huchukua gesi kidogo kuliko mlima wa lava changa, hata kama vyote viwili vinapata mvua sawa.