Kimalizio cha Barua na Upatanisho Wake

Kimalizio ni maneno machache yanayotangulia saini na jina la mwandishi wa barua: Wako mtiifu, Mwanao akupendaye, Wasalaam. Ingawa ni kifupi, kimalizio hubeba mambo mawili kwa pamoja. Humweleza mwandikiwa kuwa mwandishi ni nani kwake, na hufanya hivyo kwa viambishi ambavyo ni lazima vipatane. Mwanafunzi akikosea la kwanza, barua huonekana haina adabu. Akikosea la pili, huonekana haijui Kiswahili. Kwa sababu hiyo tunakitazama hapa katika sarufi, wala hatukiachii somo la utungaji peke yake.

Tuanze na neno wako. Katika Wako mtiifu kuna nomino iliyoachwa, kana kwamba tumesema "mimi, mtu wako mtiifu". Kivumishi kimilikishi wako kina sehemu mbili. Kiambishi w- ni cha ngeli ya A-WA nacho humhusu mwandishi. Shina -ako humhusu mwandikiwa. Kwa hiyo mwandishi na mwandikiwa hukutana ndani ya neno moja, na kila mmoja ana upande wake wa kubadilika. Mwandikiwa akiwa mmoja, shina ni -ako; wakiwa wengi, kwa mfano kamati ya shule, shina huwa -enu, nasi tunapata Wenu mtiifu. Waandishi wakiwa wengi, kiambishi w- hakionyeshi badiliko lolote, kwa kuwa katika ngeli hii umoja na wingi wa kimilikishi hufanana (mtu wako, watu wako). Wingi wao huonekana katika kivumishi kinachofuata: Wako watiifu, Wenu waaminifu. Neno waaminifu liandikwe kwa a mbili, moja ya kiambishi wa- na nyingine ya shina -aminifu.

Hapa wanachuo wa Burundi na Rwanda huteleza mara nyingi, na chanzo chake kinajulikana. Katika Kirundi na Kinyarwanda, kama ilivyo katika Kifaransa, mtu mmoja mwenye heshima husemeshwa kwa wingi. Mwanachuo anayemwandikia mkuu wa shule huona wako ni utovu wa adabu, akaandika Wenu mtiifu. Katika Kiswahili sanifu heshima haipiti katika wingi. Mtu mmoja ni wako hata akiwa waziri, na heshima yake huwekwa katika mtajo (Mheshimiwa, Bwana, Bibi), katika maneno kama naomba na tafadhali, na katika kivumishi cha kimalizio. Mkuu wa shule akisoma Wenu mtiifu atadhani barua imekusudiwa yeye pamoja na wengine.

Mazoea ya Kifaransa huleta pia jambo la pili: kumaliza barua kwa sentensi ndefu inayomwomba mwandikiwa apokee salamu za heshima, huku mtajo ukirudiwa katikati. Tafsiri yake ya neno kwa neno inaeleweka, lakini barua rasmi ya Kiswahili haihitaji urefu huo. Sentensi fupi ya shukrani, kisha kimalizio cha maneno mawili, vinatosha.

Sasa tuingie katika uchaguzi. Mtiifu hutokana na kitenzi tii, na mwaminifu na amini. Walimu wengi huvifundisha vivumishi hivi kana kwamba ni kitu kimoja, na kwa kweli katika barua rasmi vyote viwili hukubalika. Sisi tunaona afadhali kutofautisha. Mtiifu anafaa pale ambapo mwandishi yuko chini ya mamlaka ya mwandikiwa: mwanachuo kwa mkuu wa chuo, mwalimu kwa afisa elimu. Mwaminifu anafaa pale ambapo hakuna anayemwamuru mwenzake, kama mteja anayemwandikia mwenye duka la vitabu. Mkuu anayemwandikia aliye chini yake hahitaji kujiita mtiifu. Anaweza kuandika "Nakutakia kazi njema", kisha saini, jina na cheo.

Neno Wako likisimama peke yake juu ya jina ni jambo jingine kabisa. Pasipo kivumishi rasmi, wasomaji wengi hulisikia kama sauti ya mpenzi. Kadhalika Wako akupendaye: mbele ya mchumba halina ubaya, lakini mbele ya mwalimu au mwajiri ni fedheha.

Kwa jamaa, tunaanza na nomino ya udugu. Mwana wako huunganishwa kuwa mwanao, na ukiwaandikia wazazi wote wawili, mwanenu. Nomino kama rafiki, ndugu, dada na kaka zina tabia ya pekee: kimilikishi chake hufuata ngeli ya I-ZI, lakini kivumishi cha sifa hufuata A-WA. Ndiyo maana tunaandika Rafiki yako mpendwa, na katika wingi, Rafiki zako wapendwa. Kuhusu neno mpendwa lenyewe, litumike kwa uangalifu. Lina kiambishi cha kutendwa, basi anayejiita mwanao mpendwa anasema kwamba yeye anapendwa, jambo ambalo lingesemwa vizuri zaidi na mzazi. Kwa maoni yetu akupendaye ni bora: a- ni mwandishi, ku- ni mwandikiwa, na -ye ni kirejeshi. Kwa wazazi wawili, ku- hugeuka kuwa wa-: Mwanenu awapendaye. Na watoto wakiwa wengi: Watoto wenu wawapendao.

Wasalaam hufaa kwa mtu tunayemjua bila kuwa jamaa wala mkubwa wetu, kwa mfano mwalimu mwenzetu wa shule nyingine. Tukumbuke tu kwamba wa- yake si kiambishi cha ngeli. Neno zima limetoka Kiarabu, ambako wa ni "na", kwa hiyo halibadiliki wandikiwa wakiwa wengi.

Tuchukue mfano. Wanachuo watatu wa Bujumbura wanamwomba mkuu wa shule ya msingi awaruhusu kuhudhuria masomo ya Kiswahili kwa siku 10. Barua yao inaanza kwa "Bwana Mkuu wa Shule" na kuishia kwa "Wenu mpendwa". Tuikague kwa maswali matatu. Wandikiwa ni wangapi? Mmoja, hivyo wenu inakuwa wako. Waandishi ni wangapi? Watatu, hivyo kiambishi m- cha mpendwa kinakuwa wa-. Uhusiano wao ni upi? Wanaomba kuingia katika shule anayoiongoza, hivyo wapendwa haifai. Tunapata:

Tunatanguliza shukrani zetu.
Wako watiifu,
(saini, majina na jina la chuo)

Mmoja wao akimwandikia shangazi yake habari za ruhusa hiyo hiyo, ataishia kwa "Ni mimi, mwanao akupendaye", kwa kuwa shangazi naye humwita mwanangu. Na iwapo mkuu yule ndiye baba yake mzazi? Barua ya ofisini huandikwa kwa cheo. Ataandika Wako mtiifu, na mwanao itasubiri barua ya nyumbani.

Zoezi

1. Sahihisha na ueleze kosa: (a) Rafiki wako wapendwa (mwandishi mmoja), (b) Wenu waminifu (kwa kamati ya wazazi), (c) Mwanao awapendaye (kwa baba na mama).

2. Mwalimu wawili wa shule moja wanamwandikia afisa elimu wa mkoa kuomba vitabu. Kwanza sahihisha upatanisho katika sentensi hii, kisha andika sentensi ya mwisho ya barua yao pamoja na kimalizio.