Somo la Kumi na Nne: Kuandika Upya Onyo kwa Lugha Tulivu

Katika masomo yaliyotangulia tulichambua hali ya kuamuru, hali tegemezi, kauli ya kutendwa na viambishi vya masharti, kila kipengele peke yake. Katika somo hili tutaviona vipengele hivyo vikifanya kazi pamoja ndani ya matini moja fupi, nayo ni onyo juu ya utapeli wa pesa za simu linaloandikiwa mzee. Swali letu ni hili: ni maumbo gani ya sarufi yanayomtia msomaji hofu, na ni yapi yanayompa nafasi ya kufikiri?

1. Mazingira ya matini

Tuchukulie kwamba bibi mmoja anauza karanga sokoni mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mauzo yake huyaweka katika simu, na kila jioni huandika salio lake katika daftari. Mjukuu wake anasoma Kampala na anataka kumtahadharisha juu ya hila ya "pesa zilizotumwa kimakosa".

Hila hiyo huendeshwa hivi. Tapeli huandika ujumbe unaofanana na ule wa kampuni ya simu, unaosema kwamba bibi amepokea, kwa mfano, shilingi 150,000. Baada ya dakika chache humpigia na kusema kwa sauti ya mtu aliyetaabika: "Mama, nimekosea namba! Hiyo ni karo ya mtoto. Rudisha sasa hivi, atafukuzwa shule!" Bibi mwenye huruma hutuma shilingi 150,000. Hakuna pesa zilizokuwa zimeingia. Alizotuma ni zake.

Mjukuu amepata onyo linalosambazwa katika simu za watu:

"TAHADHARI KUBWA!!! Matapeli wameingia kila kona! Usipokee simu ya namba usiyoijua! Usifungue ujumbe! Usitume pesa! Utakapokosea tu, akaunti yako itafyonzwa yote na hutarudishiwa hata senti! Wazee ndio wanaolengwa! Usiseme hukuonywa!"

2. Uchambuzi

Tulinganishe kwanza onyo hilo na maneno ya tapeli. Tapeli anaamuru: "Rudisha." Onyo nalo linaamuru, tena mara nne, kwa kukataza. Tapeli anatisha kwa kitenzi cha kutendwa cha wakati ujao: "atafukuzwa". Onyo linatisha kwa umbo lilelile: "itafyonzwa". Kwa hiyo, mzee aliyezoeshwa kutii sauti ya onyo atakuwa tayari kuitii sauti ya tapeli, kwa kuwa sauti hizo mbili zimejengwa kwa sarufi moja. Hofu na haraka ndivyo vyombo vya kazi vya tapeli, na onyo halipaswi kumsaidia kuvinoa.

Tuangalie sasa kauli ya kutendwa. Katika "itafyonzwa", "hutarudishiwa" na "wanaolengwa", mtenda hatajwi. Msomaji anabaki akidhani kwamba pesa huondoka zenyewe, kama maji katika mtungi uliopasuka. Ukweli ni kwamba katika hila hii hakuna anayeingia ndani ya simu. Bibi mwenyewe ndiye anayetuma, baada ya kudanganywa. Tukimtaja mtenda, yaani tukisema "tapeli huandika" na "tapeli huomba", msomaji anaona jinsi jambo linavyotendeka, na anaona pia mahali anapoweza kulizuia.

Jambo la pili ni wakati na hali. "Wameingia kila kona" hutumia kiambishi -me-, na humfanya msomaji ahisi kwamba adui amekwisha fika mlangoni. Kiambishi hu- cha mazoea hueleza desturi: "hutuma", "hupiga", "husema". Desturi inaweza kutambulika siku inapojitokeza. Vivyo hivyo, "utakapokosea" huchukulia kwamba kosa litatokea na kwamba kilichobaki ni siku yake tu. "Ukipigiwa" huacha jambo wazi, kwani huenda likatokea au lisitokee. Kwa msomaji mwenye wasiwasi, tofauti ya -po- na -ki- si ndogo.

Jambo la tatu ni makatazo yasiyotekelezeka. "Usipokee simu ya namba usiyoijua" haliwezekani kwa mfanyabiashara, ambaye wateja wapya humpigia kila wiki. Mzee atakapolivunja agizo hilo asubuhi bila kupata madhara, atayadharau na mengine yote kufikia jioni. Onyo liwe na makatazo machache, na kila katazo lifuatwe na jambo la kufanya.

3. Matini iliyoandikwa upya

"Bibi yangu mpendwa, shikamoo. Natumaini u mzima. Nakuandikia juu ya hila moja ambayo matapeli huitumia. Ukiijua, utaweza kuitambua.

Tapeli hutuma ujumbe unaosema kwamba umepokea pesa. Ujumbe huo huuandika yeye mwenyewe, na hakuna pesa zilizoingia. Kisha hupiga simu, husema amekosea namba, na huomba umrudishie upesi. Ukituma, unatuma pesa zako.

Ukipigiwa simu ya namna hiyo, mwambie: 'Nimekusikia. Nitazungumza na mjukuu wangu kwanza.' Ukishasema hivyo unaweza kukata simu. Hujamvunjia mtu heshima.

Kisha uangalie salio lako kwa kubonyeza *165#, kama unavyofanya siku zote. Namba yako ya siri uiandike kwa mkono wako. Usimtajie mtu yeyote, hata mimi. Salio likilingana na hesabu ya daftari lako, hakuna kilichoingia, wala huna deni la mtu. Likiwa limeongezeka na huijui sababu, usirudishe. Nipigie, tuwaarifu pamoja wahudumu wa kampuni, ili wao wachunguze na kurudisha.

Na ikiwa umekwisha kutuma, nipigie saa hiyohiyo, hata usiku. Sitakulaumu. Tukiwaarifu mapema, huenda pesa zikazuiwa kabla hazijatolewa kwa wakala. Mjukuu wako."

4. Maelezo ya mabadiliko

Mjukuu hakusema "angalia salio" bali "uangalie". Hali tegemezi inapotumiwa kwa nafsi ya pili hupunguza ukali wa amri, nayo inamfaa mtoto anayesema na mkubwa wake. "Mwambie" na "nipigie" ni amri, lakini zina kiambishi cha yambwa na kwa hiyo huishia kwa -e. Zikisomwa kwa sauti huwa na upole unaokaribia ule wa hali tegemezi.

Makatazo yamebaki mawili tu. Katazo la namba ya siri linahitaji uangalifu, kwa maana maonyo mengi husema "usitoe namba ya siri" bila kufafanua. Ili kuona salio, bibi hana budi kuiandika namba hiyo katika simu. Tukimwambia asiitumie kabisa, atashindwa kufanya uchunguzi tunaomwomba aufanye. Ndiyo maana matini inatenga vitenzi viwili: "kuandika", alichoruhusiwa afanye mwenyewe katika orodha aliyoifungua yeye, na "kutaja", alichokatazwa.

Agizo la kutorudisha pesa hata salio likiongezeka lina sababu yake. Kuna matapeli wanaotuma pesa kweli, wakaomba warudishiwe, na papo hapo wakaiomba kampuni iufute muamala wa kwanza. Mtu aliyerudisha kwa mkono wake huweza kupoteza mara mbili, ilhali aliyeiachia kampuni kazi hiyo hapotezi chochote, na kama kweli kuna mtu aliyekosea namba, naye atapata haki yake.

Kwa nini mjukuu hakumwelekeza bibi atazame jina la mtumaji juu ya ujumbe? Ujumbe wa kughushi mara nyingi hutoka katika namba ya kawaida, na dalili hiyo inafaa kwa mwenye kuizoea. Hata hivyo, jina la mtumaji nalo huweza kuigwa, na tena ujumbe wa pesa nchini Uganda mara nyingi huja kwa Kiingereza, lugha ambayo bibi huenda haisomi. Salio ni tarakimu, na tarakimu anazisoma kila siku. Tumechagua uchunguzi mmoja ulio imara badala ya dalili tano za kukumbukwa.

Sentensi ya kukata simu nayo si pambo. Wazee wengi huendelea kusikiliza kwa sababu wanaona aibu kumkatiza msemaji. Onyo linalosema "kata simu" bila kumpa maneno ya kuagia linamtaka avunje adabu aliyolelewa nayo. Aya ya mwisho ina sababu ya aina hiyohiyo. "Usiseme hukuonywa" humfungia mlango aliyekwisha kukosea, naye hunyamaza kwa aibu hadi pesa zinapotolewa. "Sitakulaumu" humwacha mlango wazi katika saa ambayo msaada bado unawezekana.

Tuangalie, mwisho, neno "huenda". Mjukuu hakuahidi kwamba pesa zitarudi, kwa sababu zikishatolewa ni vigumu kuzipata. Wala hakusema kwamba pesa za bibi haziwezi kuguswa na mtu, maana anayeijua namba ya siri anaweza kuzitoa. Lugha tulivu haitakiwi kuwa lugha ya uongo. Mzee akigundua kwamba tulimtuliza kwa ahadi tupu, hatatuamini mara ya pili.

5. Mazoezi

(a) Katika onyo la kwanza, orodhesha vitenzi vyote vilivyo katika kauli ya kutendwa. Viandike upya katika kauli ya kutenda ukimtaja mtenda. Ni kitenzi kipi ambacho, baada ya kubadilishwa, hakistahili tena kubaki katika onyo? Eleza.

(b) Eleza tofauti ya maana kati ya "utakapopigiwa simu", "ukipigiwa simu" na "hata ukipigiwa simu".

(c) Mzee mmoja katika kijiji chenu hutumia laini ya Airtel, ambayo orodha yake nchini Uganda hufunguliwa kwa *185#, naye hana daftari la hesabu. Iandike upya aya ya nne ya barua ili imfae. Atajuaje kwamba salio limebadilika au halikubadilika?

(d) Msomee mzee unayemfahamu barua uliyoandika, kisha uiweke kando. Usimwulize "Umeelewa?", kwa kuwa atajibu "Ndiyo" kwa heshima. Mwulize: "Mtu akikupigia akisema amekosea namba, utaanza na nini?" Andika maneno yake kama alivyoyasema. Hatua aliyoisahau ndiyo sentensi unayotakiwa kuiandika upya.