Kufuatilia Mpira kwa Simu ya Kawaida: Hesabu ya MB kabla ya Filimbi

Mlinzi wa ghala moja mjini Morogoro yuko lindoni siku ya mechi ya Simba na Yanga. Simu yake ni ya batani, ile tunayoiita kitochi, lakini inashika intaneti. Ananunua kifurushi cha MB 100, anafungua redio ya mtandaoni na kuweka hedifoni sikio moja. Kipindi cha kwanza anakisikia chote, na mapumziko pia. Kipindi cha pili kikielekea ukingoni, mpira wa kona unapigwa na sauti inakatika. Kifurushi kimekwisha. Mechi iko dakika ya 87.

Mlinzi huyu tumembuni kwa ajili ya somo hili, ila hesabu yake ni ya kweli, na tutairejea hapa chini. Shabaha ya somo ni kumwezesha mtumiaji wa huduma za mawasiliano mwenye simu ya kawaida kujua, kabla mpira haujaanza, njia anayoitumia itakula kiasi gani cha kifurushi chake, na kuchagua njia itakayomfikisha hadi filimbi ya mwisho.

Uzito wa maandishi, sauti na picha

Kifurushi cha intaneti hupimwa kwa megabaiti, yaani MB. MB moja ina takriban kilobaiti 1,000, yaani KB 1,000. Kinachokula kifurushi ni uzito wa kile kinachosafiri kuja kwenye simu. Urefu wa mechi ni uleule kwa kila shabiki, bali uzito wa maandishi, wa sauti na wa picha haulingani hata kidogo.

Tuchukue muda wote wa mechi kuwa dakika 110: vipindi viwili vya dakika 45, mapumziko ya dakika 15 na dakika chache za nyongeza.

Redio ya mtandaoni hutuma sauti kwa mfululizo, na kasi ya sauti hiyo hutajwa kwa kilobiti kwa sekunde. Biti 8 ni baiti moja. Kwa hiyo redio inayotuma kilobiti 128 kwa sekunde hutumia KB 16 kila sekunde, sawa na KB 960 kwa dakika. Kwa dakika 110 hiyo ni MB 105.6. Hapa ndipo mlinzi wetu alipokwama: MB 100 zinatosha dakika 104 tu. Ukiondoa kipindi cha kwanza chenye dakika 2 za nyongeza na mapumziko ya dakika 15, zinabaki dakika 42 za kipindi cha pili, yaani hadi dakika ya 87. Zile dakika 15 za mapumziko, ambazo aliiacha redio ikiendelea na matangazo ya biashara, zilimgharimu zaidi ya MB 14. Angeizima wakati huo, angeusikia mpira hadi mwisho.

Redio hiyohiyo ikituma kilobiti 64 kwa sekunde, matumizi hushuka hadi MB 52.8, na kwa kilobiti 32 huwa MB 26.4. Sauti ya mtangazaji husikika vizuri hata kwa viwango hivi vidogo, maana ni maneno na si muziki. Programu au tovuti ya redio ikikupa nafasi ya kuchagua ubora wa sauti, chagua wa chini.

Picha za video ni habari nyingine kabisa. Video hafifu ya kilobiti 500 kwa sekunde hula MB 3.75 kwa dakika. MB 100 zitakwisha kabla ya dakika ya 27, pengine bao la kwanza halijafungwa.

Maandishi ndiyo mepesi kuliko yote. Ukurasa wa matokeo wenye KB 40, ukifunguliwa upya kila baada ya dakika 5, utafunguliwa mara 22 katika dakika 110. Jumla yake ni KB 880, haifiki hata MB moja.

Kurasa nyepesi za matokeo

Programu za matokeo zinazojulikana sana, kama vile Flashscore, LiveScore na SofaScore, zimetengenezwa kwa ajili ya simu janja. Vitochi vingi haviwezi kuzipakua. Hilo lisikukatishe tamaa, kwa kuwa jambo lilelile hupatikana kupitia kivinjari. Flashscore, kwa mfano, ina ukurasa mwepesi wa maandishi unaofunguliwa kwa kuandika anwani hii:

```
flashscore.mobi
```

Utaona orodha ya mechi za siku, dakika zilizochezwa na mabao. Ukibofya mechi moja, utapata undani wake.

Simu nyingi za kawaida huja na kivinjari cha Opera Mini, au huweza kukipokea. Kivinjari hiki hakiuleti ukurasa moja kwa moja kutoka kwenye tovuti. Huupitisha kwanza kwenye mitambo ya kampuni yake, ambayo huubana na kuupunguza uzito kabla ya kuutuma kwenye simu yako. Unaweza kupunguza zaidi kwa kuingia kwenye mipangilio yake na kuzima picha, kwani nembo za timu na mabango ya matangazo mara nyingi huwa mazito kuliko matokeo yenyewe.

Njia hii ina kasoro moja ambayo mtumiaji hana budi kuijua. Kwa kuwa ukurasa umetayarishwa kwingine na kuletwa ukiwa umekamilika, mara nyingi haujibadilishi wenyewe. Matokeo yatabaki 0–0 kwenye kioo chako hata kama mabao mawili yamekwisha kuingia. Utaitambua hali hii kwa kuitazama dakika ya mchezo iliyoandikwa kando ya matokeo. Ikiwa saa yako inaonyesha kwamba zimepita dakika 10 lakini ukurasa bado unasema dakika ya 23, unachokitazama ni ukurasa wa zamani. Fungua upya. Usianze kununua kifurushi kingine kwa kudhani kwamba mtandao umekatika.

Redio ya FM: sifuri MB

Vitochi vingi vina redio ya FM ndani yake. Redio hii hupokea mawimbi kutoka angani kama redio ya mezani, kwa hiyo haitumii kifurushi wala salio, na hufanya kazi hata simu ikiwa haina laini. TBC Taifa ni miongoni mwa redio ambazo zimekuwa zikitangaza mechi za Ligi Kuu ya Tanzania Bara.

Watu wengi huiacha njia hii kwa kudhani kwamba redio ya simu yao ni mbovu, kumbe wameifungua bila hedifoni. Katika simu nyingi waya wa hedifoni ndio antena. Ukiona maandishi yanayokutaka uchomeke hedifoni, au ukisikia mkwaruzo mtupu, chomeka hedifoni za waya, unyooshe waya, kisha uiamuru simu itafute vituo upya. Hedifoni zisizo na waya hazifai kwa kazi hii. Kama bado hupati kitu, sogea dirishani au nje, kwa sababu kuta nene na mabati hudhoofisha mawimbi.

Mpaka wa njia hii ni masafa ya mnara wa redio. Mahali ambapo kituo hakifiki, hapana hedifoni itakayokileta. Hapo ndipo unaporudi kwenye intaneti, na uamuzi wako utategemea aina ya mtandao ulionao. Tazama juu ya kioo cha simu. Ukiona herufi G au E, uko kwenye mtandao wa kizazi cha pili, na redio ya mtandaoni huenda ikakatika kila mara. Ukurasa wa maandishi utapita bila shida kubwa.

Kipimo cha dakika 10

Si kila redio ya mtandaoni hutaja kasi yake, na si kila ukurasa hutaja uzito wake. Basi pima mwenyewe, tena siku ambayo hakuna mechi kubwa.

Kwanza, angalia salio la kifurushi kwa namba ya menyu ya mtandao wako na uliandike. Pili, tumia njia unayoikusudia kwa dakika 10 kamili bila kufungua kitu kingine. Tatu, funga, subiri dakika chache ili salio lisomeke sawasawa, kisha angalia tena. Nne, zidisha tofauti kwa 11, na hayo ndiyo matumizi ya mechi nzima.

Kwa mfano, salio likishuka kutoka MB 60 hadi MB 55, umetumia MB 5, na mechi itahitaji MB 55. Kifurushi chako cha MB 60 kitatosha kwa shida. Ukiizima redio wakati wa mapumziko, utaokoa MB 7 na nusu, nawe utakuwa salama. Kama tofauti ni kubwa kuliko ulivyotarajia, huenda kuna programu nyingine inayojisasisha kimyakimya. Ifunge, kisha upime tena.

Tahadhari: matokeo kwa ujumbe mfupi

Ziko huduma zinazotuma matokeo kwa ujumbe mfupi. Hazihitaji intaneti, na kwa mwenye kitochi huonekana kuwa suluhisho rahisi. Lakini nyingi ni za kujiunga, na hukata salio la muda wa maongezi kila siku au kwa kila ujumbe, hata siku zisizo na mechi. Shilingi zilizookolewa kwenye kifurushi hutoweka kwa mlango huo.

Kabla ya kujiunga, soma ujumbe wa kwanza hadi mwisho. Tafuta mambo matatu: bei, inakatwa mara ngapi, na neno la kujitoa. Lisipokuwepo mojawapo, usijibu. Dalili ya kuunganishwa bila kukusudia ni salio kupungua ilhali hukupiga simu wala kutuma ujumbe. Ukiiona, andika tarehe, saa na kiasi kilichokatwa, usifute ujumbe wowote wa huduma hiyo, kisha upige simu kituo cha huduma kwa wateja cha mtandao wako. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma, leta lalamiko lako kwa Mamlaka pamoja na kumbukumbu hizo, kwa kuwa bila kumbukumbu ni vigumu kuthibitisha kilichotokea.

Mpango wa siku ya mechi

Tumrudie mlinzi wetu. Mechi ijayo aanze na redio ya FM. Akiipata, MB zake 100 zibaki kwa matumizi mengine. Asipoipata, na mtandao ukiwa mzuri, asikilize redio ya mtandaoni yenye kilobiti 64 au pungufu na kuizima wakati wa mapumziko. Mtandao ukiwa dhaifu, aufungue ukurasa mwepesi kila dakika 5, huku akiitazama dakika ya mchezo. Kwa njia yoyote kati ya hizo tatu, kona ya dakika ya 87 haitampita.