Leza na Kansere ya Damu

Wandugu wanafunzi, chembe za kansere mbili za damu zinaweza kufanana katika mikroskopi, lakini dawa zao ni mbalimbali. Namna gani kuzitofautisha?

Mu laboratware wanatia kingamwili zenye rangi. Kila moja inashika alama yake juu ya ngozi ya chembe. Kisha chembe zinapita moja-moja mbele ya leza, nayo rangi inawaka.

Mfano: katika uboho wa mtoto, chembe changa zinawaka CD34, CD19 na CD10, CD3 na CD33, hapana. Njo lekemia ya limfoblasti B.

Lakini zikiwaka zote pamoja, tushuku kwanza: damu ikikawia njiani toka Sandoa, chembe zinakufa, na chembe mfu inanasa kila rangi. Kuna rangi inayoingia katika zilizokufa tu. Kwa hiyo wanazitoa katika hesabu.