Sentensi ya Kwanza Ilinidanganya

Mwaka wa kwanza, jaribio la stadi za mawasiliano, swali la alama 10: toa wazo kuu la aya hii. Nilipata 2. Aya yenyewe, kwa kifupi, ilikuwa hivi:

“Wengi husema mradi wa karanga wa Kongwa ulikufa kwa sababu ya ukame. Ni kweli, mvua za huko ni haba. Lakini ujumbe uliotumwa mwaka 1946 kuikagua nchi ulitumia wiki chache tu, ukaridhika. Mashine zilipofika, visiki na mizizi ya vichaka vikazivunja. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 Waingereza waliuacha, wameshapoteza mamilioni ya pauni.”

Mimi nikajibu: “Ukame uliua mradi wa karanga.” Si ndiyo sentensi ya kwanza? Tangu sekondari tumekariri kwamba wazo kuu hukaa mwanzoni. Nilipokwenda kulalamika, mwalimu aliniuliza swali moja tu: “Nani anasema ni ukame?”

Nikarudi kusoma. Anayesema ni “wengi”, siyo mwandishi! Hapo nikaelewa. Maneno kama “wengi husema”, “inadhaniwa” na “zamani iliaminika” mara nyingi huleta maoni ya watu wengine, ambayo mwandishi anataka kuyapinga. “Ni kweli” nayo ni kukubali kidogo kabla ya kugeuka. Kisha inakuja “lakini”, na aya inageuza uso.

Ila ndugu zangu, msikimbilie kila “lakini”. Nyingine ni ndogo tu, kama “mvua ilichelewa, lakini ilinyesha”. Kwa hiyo mimi huhesabu. Nachukua wazo ninalolishuku, halafu naiuliza kila sentensi: wewe unalitetea hili? Ukame ulitetewa na sentensi moja tu, ile ya pili. Ukaguzi wa haraka ulitetewa na zote zilizobaki: visiki ambavyo mashine hazikuviweza, udongo ambao tabia yake haikujulikana, na hasara iliyofuata. Hapo ndipo uzito wa aya ulipo.

Bado kuna mtego mmoja. Ukinakili sentensi ya “lakini” kama ilivyo, utaandika habari za ujumbe wa 1946 na kuacha kufa kwa mradi. Wazo kuu halikuandikwa popote kwa ukamilifu, inabidi uliunganishe mwenyewe: mradi wa Kongwa ulikufa hasa kwa sababu ulianzishwa haraka bila kuijua ardhi vizuri. Hilo neno “hasa” nimeliweka makusudi, maana mwandishi hakukataa kwamba mvua ni haba.

Alama zangu 8 hazikurudi. Lakini sasa nikikutana na “wengi husema” kwenye mtihani, naweka kalamu chini kwanza, nasoma hadi nukta ya mwisho.