Kodi tarehe 1, mshahara tarehe 10

SWALI: Nimepanga chumba Kebirigo kwa Sh4,500, kodi hulipwa tarehe 1. Kazi mpya inanilipa tarehe 10. Nimwambieje mama mwenye nyumba?

JIBU: Ukimwambia tu “nitakuwa nalipa tarehe 10”, atasikia kwamba utachelewa kila mwezi. Mwendee na pesa ya siku zinazobaki katikati. Kwa mwezi wa siku 30, Sh4,500 ni Sh150 kwa siku. Tarehe 1 hadi 9 ni siku tisa, yaani Sh1,350. Lipa hizo tarehe 1, kisha tarehe 10 ulipe Sh4,500 za kukufikisha tarehe 9 ya mwezi ujao. Hivyo mama hapotezi hata siku moja. Ugumu ni mwezi huo wa kwanza tu, na Sh1,350 ni rahisi kukopa kuliko kodi nzima.

Usimwambie akate kwenye dipoziti. Hiyo ni ya siku ya kuhama.

Akikubali, mtumie ujumbe siku hiyohiyo: “Shikamoo mama. Tulivyokubaliana, Sh1,350 ni ya tarehe 1 hadi 9. Kuanzia sasa kodi ni tarehe 10.” Mwombe ajibu, na kama kuna kitabu cha risiti, aandike tarehe hizo. Bila maandishi, mwanawe akichukua usimamizi kesho ataona Sh1,350 mahali pa Sh4,500 na kukudai Sh3,150. Notisi ya kuhama nayo muihesabu kutoka tarehe 10.

Mshahara wenyewe ukichelewachelewa, omba tarehe 12.