Tatizo la Mwajiri Kabla ya Barua ya Maombi

Barua nyingi za kuomba kazi humweleza mwombaji tu: alikosoma, alikofanya kazi, jinsi anavyojituma. Mwajiri ana pengo analotaka kuliziba, na barua isiyoligusa humwachia kazi ya kukisia.

Tuchukue mfano wa fundi bomba anayeomba kazi katika mamlaka ya maji nchini Tanzania. Shida za taasisi hizi si siri. EWURA hutoa kila mwaka taarifa ya utendaji wa mamlaka za maji, ikionyesha kiasi cha maji kinachozalishwa na kinachopotea bila kulipiwa. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Ripoti ya ukaguzi ya CAG nayo hutaja kasoro zilizobainika na mapendekezo ambayo bado hayajatekelezwa. Mwombaji asome taarifa za miaka miwili au mitatu, kwani takwimu ya mwaka mmoja haionyeshi kama hali inazidi kuwa mbaya au inatengemaa.

Tuseme mamlaka inazalisha mita za ujazo 10,000 kwa siku na kupoteza asilimia 38. Hizo ni mita za ujazo 3,800, karibu mara mbili ya kiwango kinachokubalika. Hapa ndipo waombaji wengi hukosea: wakiona upotevu, huandika juu ya mabomba yanayovuja. Lakini maji hupotea pia kwa dira mbovu, maunganisho haramu na makosa ya ankara. Iwapo mkaguzi ametaja dira zilizosimama ambazo hazijabadilishwa, na tangazo la kazi linataja kufunga na kukagua dira, tatizo liko kwa wateja zaidi kuliko ardhini. Fundi aliyejaza barua yake habari za kuziba mivujo atakuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Baada ya kubaini hayo, aya moja inatosha: “Tangazo linataja ukaguzi wa dira. Katika kazi yangu ya sasa nimebadilisha dira 140 zilizosimama katika kata mbili, na kwa kila moja nilijaza fomu ya usomaji wa mwisho ili ankara isibishaniwe.” Idadi iwe ya kweli, na awepo msimamizi anayeweza kuithibitisha.

Haifai kumsomea mwajiri hoja za mkaguzi kana kwamba anashtakiwa. Asilimia 38 ibaki kwenye daftari la mwombaji. Kwenye barua liende jibu lake. Vilevile, taarifa iliyonong’onezwa na mtumishi wa ndani isitumike hata ikiwa sahihi, kwa sababu anayeanza kwa kutumia siri za ofisi anaonyesha namna atakavyozitunza akiajiriwa.

Taarifa iliyochapishwa huwa ya mwaka uliopita, na huenda dira zimekwisha kubadilishwa. Kwa hiyo, kabla ya kutuma barua, mwombaji apite ofisi ya huduma kwa wateja, asome matangazo ya ubaoni na asikilize malalamiko yanayoletwa dirishani.